Dau linalopanda baada ya mfululizo: mwongozo kamili wa kukagua na kurekebisha namna unavyoweka hela

Pita kijiwe chochote cha bodaboda Jumamosi jioni, iwe Mbagala Rangi Tatu, Manzese au kule Tegeta, utawakuta watu wameinamia simu na utasikia kauli mbili. Ya kwanza ni "limelala sana hili, sasa hivi lazima liruke", ya pili ni "leo nina moto acha niongeze". Ukizisikiliza vizuri zinapingana kabisa, maana wa kwanza anaamini kilichotokea mara nyingi sasa zamu yake imeisha, wa pili anaamini kilichotokea mara nyingi kitaendelea kutokea, na mara nyingi anayezisema zote mbili ni mtu yuleyule ndani ya saa moja. Ila kwenye mfuko zinafanya kitu kimoja: zote zinapandisha dau, na zinalipandisha wakati ambao hakuna kitu chochote kilichobadilika kwenye nafasi ya kushinda.

Naongelea dau tu hapa. Sifundishi kutabiri mechi wala siuzi mkeka. Watu wengi niliowaona wakiishiwa hawakuishiwa kwa sababu wanatabiri vibaya kuliko wenzao, wameishiwa kwa sababu ushindi wao uliangukia kwenye dau la buku na kuliwa kwao kukaangukia kwenye dau la elfu ishirini na tano. Hilo unaweza kulipima mwenyewe kwenye rekodi zako, na ndo kazi ya huu mwongozo.

Hatua ya 1: jua kama mchezo wako una kumbukumbu au hauna

Kabla ya yote tenganisha unachocheza. Kuna michezo ya mashine: kindege (Aviator), ruleti, mechi za kompyuta, dubwi la sarafu. Alafu kuna mechi za watu kweli, Simba, Yanga, ligi za Ulaya.

Tuanze na kindege maana ndo kinachokula vijana wengi mjini sasa hivi. Juu ya skrini kuna mstari unaoonyesha namba za raundi zilizopita, 1.20x, 1.05x, 3.40x na kuendelea, zina rangi kabisa, zile ndogo bluu na zile kubwa za kuanzia 10x pinki. Watu wanausoma ule mstari kama ramani, wanahesabu "pinki haijaja raundi thelathini, inakuja". Sasa kinachoamua raundi ni nini? Mtengenezaji, Spribe, ameeleza mwenyewe: mfumo unachukua mbegu ya siri kutoka kwenye seva, unachanganya na mbegu za wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau kwenye raundi hiyo, zinapitishwa kwenye hesabu ya kufumba na hapo inatoka namba. Angalia vizuri viungo vyake, matokeo ya raundi iliyopita hayamo. Sio kwamba yamo kidogo, hayamo kabisa. Kwa hiyo ule mstari wa juu ni kweli tupu kuhusu yaliyopita na hauna neno hata moja kuhusu yanayokuja.

Kiwango kilichotangazwa cha kurudisha hela kwenye kindege ni 97%, yaani kwa muda mrefu kila shilingi 100 zinazowekwa zinarudi 97 kwa wachezaji na 3 zinabaki kwa kampuni. Ukipanga kujitoa kwenye 2.00x nafasi yako ya kufika ni kama 48.5% kila raundi. Kikianguka kwenye 1.10x mara nane mfululizo, raundi ya tisa ni 48.5%. Ukishinda mara nane mfululizo, ya tisa ni 48.5%.

Mechi za kweli ni tofauti kidogo na hapa lazima niwe mkweli, mpira una kumbukumbu. Timu ikishinda tano mfululizo inaweza kuwa kweli ipo vizuri, wachezaji wamezoeana, kocha kapata kikosi. Lakini kampuni nayo inaona hizo mechi tano, na wabetiji wengine wote wanaziona, kwa hiyo odi imeshashuka. Ulichokijua wewe kipo tayari kwenye bei. Na anayesema "imeshinda tano lazima ya sita itoe droo" hana hata hicho, maana mpira hauna daftari la kugawa droo kwa zamu.

Hatua ya 2: fanya jaribio la sarafu, usilipuuze

Watu wengi wakisoma hiyo hatua ya kwanza wanakubali kichwani alafu jioni kikianguka mara sita mfululizo mkono unaenda wenyewe. Shida ni kwamba hatujui mfululizo wa kawaida una urefu gani, tunadhani bahati nasibu inatakiwa ichanganyike vizuri kila baada ya hatua mbili tatu, kwa hiyo tukiona sita zimefuatana tunahisi kuna kitu kinaendelea.

Chukua karatasi, andika K na M mara 100 kutoka kichwani ukijifanya unarusha sarafu, K kichwa M mnyama. Alafu chukua sarafu ya mia mbili urushe kweli mara 100 na uandike matokeo pembeni, haichukui muda mrefu. Sasa tafuta mfululizo mrefu kuliko wote kwenye kila orodha. Ile uliyotunga kichwani mara nyingi itaishia kwenye nne, labda tano, mkono unaona aibu kuandika K saba zimefuatana. Ile ya sarafu ya kweli ina nafasi zaidi ya nusu ya kuwa na mfululizo wa saba au zaidi wa upande mmoja, na mfululizo wa tano au zaidi unakuja karibu kila mara, kama 97%.

Soma tena hiyo. Saba mfululizo ndani ya mia sio ishara wala sio mashine kuharibika wala sio kwamba "wamefunga", ndo bahati nasibu inavyokaa. Na raundi mia za kindege unazimaliza jioni moja tu.

Nchi nzima imewahi kuingia kwenye huu mtego. Italia, kwenye bahati nasibu ya Lotto, gurudumu la Venisi, namba 53 ilikaa karibu miaka miwili bila kutoka, na kila ilivyozidi kuchelewa ndo watu walivyozidi kuongeza hela, mpaka jumla ya madau kwenye namba hiyo moja ikapita euro bilioni 3. Wapo waliomaliza akiba za familia, wapo waliokopa. Ilitoka Februari 2005 na kwa wengi ilikuwa imeshachelewa. Nafasi ya 53 siku ya mwisho ilikuwa ileile ya siku ya kwanza.

Hatua ya 3: fuata hela ya mtu mmoja mpaka mwisho

Tuchukue mfano, jamaa anaendesha bajaji, ana elfu 60 aliyotenga, anacheza kindege na amepanga kujitoa kwenye 2.00x kila raundi. Akishinda anapata faida sawa na dau, akiliwa dau limeenda. Kodi tuiache pembeni ili hesabu iwe nyepesi. Kanuni zake hajaziandika popote ila ukimwangalia unaziona: dau la kawaida buku, akishinda mara mbili mfululizo au zaidi anaweka buku tatu maana "ana moto", akiliwa anadabo dau lililopita maana "sasa linaruka".

Raundi ya kwanza kaweka 1,000 kashinda. Ya pili 1,000 kashinda. Sasa ana moto, ya tatu 3,000 kashinda, yupo juu kwa 5,000. Ya nne 3,000 kaliwa. Ya tano anadabo, 6,000, kashinda, yupo juu kwa 8,000 na hapa ndo imani inapikwa, maana kudabo kumelipa na moto umelipa. Ya sita 1,000 kaliwa, ya saba 2,000 kashinda, ya nane 1,000 kashinda. Yupo juu kwa 10,000 na anawaambia wenzake kijiweni kwamba huu mchezo ni nidhamu tu.

Raundi ya tisa, kashinda mbili mfululizo kwa hiyo 3,000, kaliwa. Ya kumi 6,000 kaliwa. Ya kumi na moja 12,000 kaliwa. Ya kumi na mbili 24,000 kaliwa. Sasa yupo chini kwa 35,000, mfukoni kabaki na 25,000, na kanuni yake inataka 48,000 ambayo hana. Anaweka yote 25,000 maana "mara nne mfululizo haiwezi kuwa ya tano". Kaliwa. Imeisha.

Hesabu sasa alishinda mara ngapi. Kashinda 6, kaliwa 7. Hiyo ni karibu nusu kwa nusu, ni matokeo ya kawaida kabisa, hajapata mkosi wowote wa ajabu. Kama angeweka buku kila raundi bila kubadili angekuwa amepoteza shilingi 1,000 na elfu 59 ipo mfukoni. Raundi zilezile, ubashiri uleule, tofauti ya elfu 59 imetoka kwenye dau peke yake.

Kuliwa mara tano mfululizo ni jambo adimu? Ukichagua raundi tano maalum, nafasi ni kama 3.6%, inasikika ndogo, na watu wa kudabo wanajifariji na hiyo namba. Ila hachezi raundi tano. Ndani ya raundi 100 nafasi ya kukutana na mfululizo wa kuliwa tano au zaidi mahali fulani inazidi 80%. Kwa hiyo mfumo wa kudabo unaovunjika kwenye ya tano ni mfumo unaovunjika karibu kila anayecheza jioni nzima. Na kuongeza mtaji hakuutibu, unausogeza tu, kuanzia buku ukitaka kuvumilia kuliwa mara tisa mfululizo na bado uwe na dau la kumi lazima uwe na zaidi ya milioni moja, yote hiyo kufukuzia faida ya shilingi elfu moja.

Kuna kitu kingine hapo kinachojificha. Ile 3% ya kampuni inakatwa kwenye jumla ya hela unayoweka, haikatwi kwenye idadi ya raundi. Jamaa ameweka jumla ya 88,000 ndani ya raundi 13, wakati kwa buku moja moja angeweka 13,000. Amejiongezea gharama ya mchezo karibu mara saba bila kucheza hata raundi moja ya ziada.

Hatua ya 4: pima rekodi zako mwenyewe

Hii ndo sehemu kubwa, tenga saa moja uifanye. Ingia kwenye akaunti yako ya kubeti, fungua historia ya mikeka, kampuni nyingi zinakuonyesha. Zihamishie kwenye Google Sheets kwenye simu au kompyuta, mikeka 50 inatosha kuanza, 100 ni bora zaidi. Safu A tarehe na saa, safu B dau, safu C odi, safu D matokeo, andika 1 ukishinda na 0 ukiliwa. Mstari wa 1 weka vichwa vya habari, data ianze mstari wa 2.

Safu E ni urefu wa mfululizo uliokuwa nao kabla ya kuweka dau hilo. Kwenye E2 andika 0, kwenye E3 weka hii alafu ivute mpaka chini:

```
=IF(D2=1, MAX(E2,0)+1, MIN(E2,0)-1)
```

Itakupa 3 kama ulikuwa umeshinda tatu mfululizo, itakupa -4 kama ulikuwa umeliwa nne mfululizo. Sasa sehemu tupu andika hizi tatu, wastani wa dau baada ya kushinda mbili au zaidi, wastani wa dau baada ya kuliwa mbili au zaidi, na wastani wa dau wakati hakuna mfululizo:

```
=AVERAGEIF(E2:E101, ">=2", B2:B101)
=AVERAGEIF(E2:E101, "<=-2", B2:B101)
=AVERAGEIFS(B2:B101, E2:E101, ">=-1", E2:E101, "<=1")
```

Kama simu yako inakataa koma, weka nukta mkato badala yake, inategemea lugha uliyoseti.

Yule jamaa wa bajaji ukimpima hivi, baada ya kushinda mbili au zaidi wastani wake ni 3,000, baada ya kuliwa mbili au zaidi wastani ni kama 20,300, na sehemu isiyo na mfululizo ni kama 2,600. Gawanya ya kuliwa kwa ile ya kawaida unapata karibu mara nane. Ya kushinda haijafika hata mara moja na nusu. Kwa hiyo ugonjwa wake mkubwa ni ule wa "sasa zamu yangu", moto unamsumbua kidogo tu. Wako unaweza kuwa kinyume. Mimi naona ukizidi mara moja na nusu upande wowote kuna kitu cha kushughulikia, ukizidi mara mbili usiendelee kubeti mpaka umerekebisha.

Angalia sehemu mbili ambazo hii hesabu inakosewa. Moja, panga kwa muda ulioweka dau, ila mfululizo uhesabu kwa matokeo uliyokuwa umeshayajua wakati huo. Ukiweka mikeka minne Jumamosi asubuhi yote kwa pamoja, ule wa nne hukuuweka "baada ya kuliwa mitatu" kwa sababu hakuna mechi iliyokuwa imeisha, hiyo yote minne ipe namba moja ya mfululizo kwa mkono. Mbili, mkeka uliojitoa kabla ya mechi kuisha uandike kwa ulichopata kweli, umepata zaidi ya dau weka 1, umepata pungufu weka 0.

Hatua ya 5: pima na odi, sio dau tu

Hapa wengi wanajidanganya na kwa kweli hata mimi naona ni sehemu tamu kuliko zote kwenye hii mada. Mwaka 2014 watafiti wawili wa London, Xu na Harvey, walichapisha uchambuzi wa madau ya mtandaoni ya mwaka 2010, watu 776, madau zaidi ya nusu milioni. Wakakuta kitu cha kushangaza: mtu aliyeshinda mara kadhaa mfululizo kweli nafasi ya kushinda dau linalofuata ilikuwa inapanda, na aliyeliwa mara kadhaa mfululizo nafasi yake ilikuwa inashuka. Ukiishia hapo utasema moto upo.

Ila wakaangalia odi. Aliyeshinda anahofia bahati yake inakaribia kuisha, kwa hiyo anahamia kwenye odi ndogo, timu kubwa nyumbani, 1.30, 1.20, na odi ndogo zinashinda mara nyingi, lazima, ndo maana zinalipa kidogo. Aliyeliwa anaamini zamu yake imefika, anapanda kwenye odi kubwa, na odi kubwa zinachanika mara nyingi. Moto ulitengenezwa na mchezaji mwenyewe kwa kubadili odi, na mifululizo mirefu ya ushindi haikuwafanya wapate faida kuliko wengine. Umeona zile kauli mbili za kijiweni zilivyoungana? Kuogopa kwamba bahati inaisha ndo kunazaa mfululizo unaoonekana kama moto.

Kwa hiyo rudia zile hesabu mbili za kwanza lakini badala ya safu B weka safu C:

```
=AVERAGEIF(E2:E101, ">=2", C2:C101)
=AVERAGEIF(E2:E101, "<=-2", C2:C101)
```

Ukikuta baada ya kushinda wastani wa odi ni 1.60 na baada ya kuliwa ni 9 au 15, basi siku zako za moto na siku zako za mkosi umezitengeneza mwenyewe. Na mwenye odi kubwa na dau kubwa kwa pamoja baada ya kuliwa, huyo anafilisika haraka kuliko wote.

Mkeka wa timu nyingi una mtego wake. Tuseme umeweka timu 10, kila moja odi 1.40, na nafasi ya kweli ya kila moja ni 68%. Jumla ya odi inakuwa kama 29 na nafasi ya zote kumi kutiki ni kama 2%. Nafasi ya kutiki tisa na kuchanwa na moja ni karibu 10%. Yaani "timu moja imenichania" inatokea karibu mara tano kwa kila mkeka mmoja unaotiki, ni matokeo ya kawaida ya mkeka wa namna hiyo. Ila mtu akichaniwa na moja wiki mbili mfululizo anahisi anakaribia, wiki ya tatu anatoa jero anaweka elfu kumi. Hakaribii popote, mkeka mpya unaanza na 2% ileile.

Hatua ya 6: weka dau kwa tarehe, usiweke kwa matokeo

Chukua hela uliyotenga ya mwezi, iliyotoka baada ya kodi ya nyumba, chakula na ada, hela ambayo ikiisha yote hakuna mtu nyumbani atakayelala njaa. Dau moja liwe 1% mpaka 2% ya hiyo. Kwa elfu 60 ni kati ya 600 na 1,200, chukua buku. Liandike, na libadilike tarehe 1 ya mwezi tu. Umeshinda sita mfululizo, buku. Umeliwa sita mfululizo, buku. Odi nayo ipe mipaka, mfano 1.50 mpaka 3.00, na mipaka hiyo nayo isiguswe katikati ya mwezi.

Kwenye kindege funika ule mstari wa namba za juu kwa kidole au kipande cha karatasi, na tumia kujitoa kwa otomatiki kwenye namba uliyoamua kabla. Najua inaonekana ya kitoto lakini macho yakiona bluu nane zimefuatana akili inaanza kutunga hadithi yenyewe, rahisi kuinyima malighafi kuliko kubishana nayo. Alafu weka kikomo cha raundi, sio kikomo cha hela peke yake, maana "nacheza mpaka nirudishe" ni kudabo kwa jina lingine.

Niseme wazi, dau lisilobadilika halikufanyi mshindi. Ile 3% bado inakatwa. Kwenye mechi za kweli makato ni makubwa zaidi, ukiona ova 2.5 na anda 2.5 zote zina odi 1.85, gawanya 1 kwa 1.85 unapata 54%, mara mbili ni 108%, hiyo 8 ya juu ni ya kampuni. Dau moja linakufanya upoteze polepole kwa kiasi unachoweza kukikadiria, badala ya kupoteza mtaji wote Jumapili moja.

Hatua ya 7: wanaouza mifululizo

Kwenye magrupu ya Telegram utakutana na mtu anayeuza mkeka kwa kuonyesha kwamba ametiki saba mfululizo. Kabla hujatuma hela fikiria watu 128 wanaotabiri kwa kurusha sarafu. Baada ya raundi ya kwanza 64 wako sahihi, kisha 32, 16, 8, 4, 2, na baada ya ya saba anabaki mmoja mwenye saba kwa saba na hajui chochote. Huyo ndo utakayemwona, wale 127 wamefuta magrupu yao. Muulize mikeka 200 ya mwisho, yenye dau na odi, ikiwemo iliyochanika, kama hana usinunue.

Na usichanganye hili na mpira wa kikapu. Mwaka 1985 Gilovich, Vallone na Tversky walisema mchezaji wa kikapu hana moto, akifunga tatu mfululizo ya nne ni kama kawaida yake. Mwaka 2018 Miller na Sanjurjo wakaonyesha hesabu ya wale ilikuwa na kasoro, na ukiirekebisha data zilezile zinaonyesha moto upo kwa mchezaji. Sawa, mwili wa mtu una misuli na kujiamini, unaweza kupanda siku fulani. Mkeka wako hauna misuli. Kushinda kwako jana hakumsaidii straika wa leo kufunga.

Hatua ya 8: pima tena baada ya madau 50

Rudia safu zilezile. Ukikuta wastani wa dau baada ya kuliwa na wa kawaida vinalingana, kanuni imekaa, endelea kupima kila mwezi. Ukikuta bado unapanda wakati buku umeiandika kabisa ukutani, basi tatizo limeshatoka kwenye kutokujua hesabu, limeingia kwenye kushindwa kujizuia, na hesabu zaidi hazitasaidia. Dalili zake ziko kwenye rekodi hizohizo: muda kati ya kuliwa na dau linalofuata unazidi kuwa mfupi, miamala ya kuongeza salio mara tatu nne usiku mmoja, dau la saa nane usiku kubwa kuliko la mchana, hela ya mkopo wa simu kuingia kwenye akaunti ya kubeti.

Ukiona mbili kati ya hizo, andikia huduma kwa wateja wa kampuni unayochezea uombe akaunti yako ifungwe, omba kwa maandishi uhifadhi majibu, fanya hivyo kwa kila kampuni uliyojisajili. Alafu mpe mtu unayemwamini nyumbani, mke, kaka au mama, awe anaona miamala ya simu yako kila wiki, na umwonyeshe ile karatasi ya wastani wa madau ili ajue anachoangalia ni dau linalopanda, sio kama umeshinda au umeliwa.